Baada ya "Mwaka Huu Hatuna Bajeti"

Kuna dada niliyefanya naye kazi Dar es Salaam, akiuzia shule binafsi mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu za ada. Siku moja mkuu wa sekondari moja ya Morogoro alimwandikia: "Mwaka huu hatuna bajeti, tuwasiliane mwakani." Wengi wetu tungekimbilia kupunguza bei. Yeye alijibu hivi:

"Shikamoo Mkuu. Asante kwa kuniambia mapema, na kuhusu bei sitakusumbua. Naomba niulize moja tu: fedha ingekuwepo leo, mngeanza muhula ujao, au kuna jambo ambalo lingetangulia?"

Naupenda sana ujumbe ule. Hauchukulii kwamba mkuu amedanganya, maana mara nyingi bajeti ni jibu la heshima la mtu asiyetaka kumsema mwenzake. Unaiweka fedha pembeni kwa muda ili kilicho nyuma yake kionekane. Halafu unaishia hapo hapo, bila kiambatisho wala punguzo. Punguzo lingemfanya mkuu ajadili bei, na kama kikwazo si bei, muuzaji angepoteza fedha bila kupata mteja.

Siku ya pili jibu likaja: hata fedha ikipatikana, mhasibu ana wasiwasi na madeni ya nyuma. Madeni hayo yamo kwenye madaftari, mengine yana maelewano na wazazi yaliyoandikwa pembeni kwa penseli. Nani angeyaingiza kwenye kompyuta? Na mzazi akija kubisha, nani angelaumiwa?

Basi yule dada akaomba azungumze na mhasibu mwenyewe, mkuu akiwepo, ili asionekane anamzunguka. Pendekezo lake lilikuwa waanze na Kidato cha Kwanza peke yake mwezi Januari, kwa sababu wanafunzi wapya hawana deni. Vidato vya juu vingebaki kwenye daftari, na daftari ndilo lingekuwa mwamuzi wa madeni yote ya zamani. Gharama ya kidato kimoja ilikuwa ndogo kiasi cha mkuu kuweza kuidhinisha mwenyewe, bila kusubiri kikao cha bodi. Mhasibu ndiye aliyeuliza mafunzo yangeanza lini.

Lakini kuna wakati fedha haipo kweli, na swali lile lile huonyesha hilo. Mtu asiye na fedha kweli hujibu kwa mambo ya kushikika: bajeti inapangwa mwezi gani, nani anaiandaa, na huomba ankara kifani aiweke kwenye faili. Huyo hana haja ya kushawishiwa tena. Yule dada humtumia ankara siku hiyo hiyo, kisha humpigia mwandaaji wa bajeti wiki chache kabla ya kikao, wakati kasma bado zinajazwa.