Mlete au mleteni?

Mwaka 2018 virusi vya polio vilipatikana katika maji taka ya Kamukunji, na kampeni ya chanjo ya mlango kwa mlango ikafuata jijini Nairobi. Tuchukue ujumbe wa kampeni ya aina hiyo, ulioandikwa kwanza kwa Kiingereza: mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano amlete, na atapigiwa simu. Kiingereza humwita anayeambiwa kwa neno moja, awe mmoja au mtaa mzima. Mfasiri hana anasa hiyo. Lazima kwanza ajue sentensi itasemewa wapi.

Kwenye kadi anayoshika mzazi mmoja, umoja unatosha: “Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, mlete. Tutakupigia simu.” Neno “wewe” halihitajiki, kwa kuwa u- na ku- zimeshamtaja. Ukilipachika, kadi inaanza kusikika kama ugomvi wa langoni mwa ploti.

Sentensi hiyohiyo ikitangazwa kwa kipaza sauti Kayole au Dandora, mambo hubadilika, na hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza. Mfasiri hugeuza “ukiwa” kuwa “mkiwa”, kisha anaacha “mlete” ilivyo, akidhani m- yake ni ya wingi. Kumbe katika “mlete mtoto” m- hiyo yaweza kuwa ya mtoto, na anayeamrishwa ni mtu mmoja. Yaweza pia kuwa ya ninyi, kama katika “mlete kadi”. “Mleteni” huondoa utata: m- ni mtoto, -ni ni ninyi.

“Tutawapigia simu” ina mtego wake. Wa- ni ninyi, lakini pia ni wao, na watoto wametajwa punde tu. Sarufi inaruhusu “tutawapigieni”, ila umbo hilo halisikiki sana mitaani Eastlands. Mimi ningeandika “ninyi wazazi tutawapigia simu”. Hapa “ninyi” inafanya kazi.

Mhudumu anapobisha hodi, mlangoni kuna nyanya anayelea wajukuu. Aliyezoea Kifaransa huenda akamheshimu kwa wingi: “Mna mtoto hapa?” Nyanya ataelewa kwamba anaulizwa kuhusu nyumba yote, au atatazama nyuma yako kuona umekuja na nani. Heshima ya Nairobi haikai kwenye kiambishi cha wingi. Hukaa kwenye wito na kwenye umbo la kitenzi: “Shosho, uko na mtoto wa chini ya miaka mitano? Naomba uniletee kadi yake.” U- inabaki, “lete kadi” kavu ndiyo ingemuudhi. Lakini “Shosho” haliwezi kuchapishwa kwenye fomu ya maswali anayosoma mhudumu, maana mlango unaofuata utafunguliwa na kijana. Fomu iache nafasi ya wito, mhudumu aijaze kwa macho yake.

Kujua kama umekosea ni rahisi: msomee mkazi mmoja sentensi bila maelezo, kisha umuulize ni watu wangapi wameitwa, na nani atapigiwa simu.