Kupanga ubora wa sauti katika Spotify usiyoweza kuisoma

Jirani yangu wa Tanga anatumia simu iliyotoka Maskati, na Spotify ndani yake inaonekana kwa Kiarabu, lugha asiyoisoma. Analipia huduma ya Premium, lakini bando lake lilikuwa likiisha kabla ya wakati. Kiswahili kimo katika programu hiyo tangu 2021, na simu za Android 13 kuendelea huruhusu kila programu ipewe lugha yake. Simu hii ni ya zamani: programu hufuata lugha ya simu nzima, na mumewe anakitaka Kiarabu. Kwa hiyo tulipanga kila kitu bila kusoma maneno, tukitegemea mpangilio wa vitu na kipimo cha data.

Kiarabu huugeuza ukurasa. Picha ya mtumiaji, ambayo kwa Kiswahili hukaa juu kushoto, huhamia kulia. Ukiigusa, menyu hufunguka, na mipangilio ina alama ya gurudumu lenye meno. Swichi nazo hugeuka, kwa hiyo usitazame zimeelekea wapi, tazama rangi. Ya kijani imewashwa.

Mpangilio wa juu kwenda chini haubadiliki. Kwenye ukurasa wa ubora wa sauti tulikuta makundi matatu yanayofanana: la kwanza ni la kusikiliza kwa Wi-Fi, la pili kwa data ya simu, la tatu la kupakua. Ndani ya makundi mawili ya kusikiliza, chaguo la juu kabisa huiachia programu iamue yenyewe. Chini yake ubora hupanda ngazi kwa ngazi: takriban kilobiti 24 kwa sekunde, kisha 96, 160 na 320.

Tatizo lilikuwa kwenye chaguo hilo la juu. Programu hupima nguvu ya mtandao, haipimi bando lililobaki. Mnara ukiwa karibu na 4G ikiwa imara, hupandisha ubora na kula data zaidi. Kwa kilobiti 160, saa moja ya muziki hutumia MB 72. Kwa 96 hutumia MB 43. Kwa 24 ni MB 11 hivi. Safari ya basi ya muda wa saa sita hadi Dar es Salaam, akisikiliza njia nzima kwa 160, humaliza MB 432.

Ili kuhakikisha kwamba kundi la pili ndilo la data ya simu, tulizima Wi-Fi, tukacheza kwa dakika 10 nyimbo ambazo hajawahi kuzisikiliza, kisha tukafungua matumizi ya data ya kila programu katika mipangilio ya simu. Nyimbo lazima ziwe mpya, kwa sababu zilizochezwa karibuni huhifadhiwa kwa muda na huenda zisivute data tena. Kwa 160, dakika 10 zinapaswa kula MB 12. Kwa 24, chini ya MB 2. Kipimo huzidi kidogo kwa sababu ya picha na kwa kuwa programu huvuta wimbo mbele ya pale unaposikiliza. Kwanza tulipata zaidi kidogo ya 12. Tulipochagua ngazi ya chini kabisa katika kundi la pili, kikashuka hadi zaidi kidogo ya 2. Hapo hatukuhitaji tafsiri.

Hata hivyo hatukuiacha kwenye 24, kwa kuwa fidla za taarabu hufifia na matoazi husikika kama maji yanayochemka. Tulipanda hadi 96. Kwa sababu hiyohiyo tuliiacha swichi ya kuokoa data ikiwa imezimwa: ukiiwasha, huteremsha sauti hadi ngazi ya chini na kuondoa video fupi zinazocheza nyuma ya wimbo.

Akiba kubwa hutokana na kupakua. Nyimbo 60 za dakika nne nne kwa 160 ni MB 288, zinazovutwa mara moja tu kwa Wi-Fi. Weka ubora wa kundi la tatu kwanza, hakikisha swichi ya kupakua kwa data ya simu haijawaka, kisha gusa mshale unaoelekea chini juu ya orodha na usubiri uwe wa kijani. Ili kuhakiki, washa hali ya ndege na ucheze wimbo wa katikati ya orodha ambao hujausikiliza karibuni. Ulioucheza jana unaweza kulia hata kama haukupakuliwa.

Nyimbo hizo zinahitaji simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo huondolewa. Jirani huiunganisha na Wi-Fi ya dukani kila Ijumaa, na bando analinunulia mambo mengine.