Kipungu wa Shimba Hills: Anapaa Huku Akianguka!

Jamani, nimemwona! Saa nne na nusu asubuhi, kwenye ukingo wa Shimba Hills unaotazama bahari, kipungu mwenye mkia mfupi na miguu myekundu aliibuka kutoka bondeni, akazunguka, akazunguka tena, na kila mzunguko ukamwacha juu zaidi. Bawa halikupigwa hata mara moja! Nilimfuata kwa darubini mpaka akawa nukta.

Na kinachonisisimua zaidi ni hiki: ndege huyo anaanguka muda wote. Kweli kabisa. Akiwa amekunjua mbawa, hushuka polepole ndani ya hewa inayomzunguka. Ila jua limeshachoma mashamba na barabara za udongo, hewa iliyo juu yake imepata joto, ikawa nyepesi, ikaanza kupanda. Ikipanda upesi kuliko anavyoanguka, naye anapaa. Anazunguka ili asitoke nje ya hewa hiyo, maana pembeni mwake kuna hewa inayoshuka.

Tupige hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Colin Pennycuick, aliyewafuata tumbusi wa Serengeti kwa eropleni nyepesi ya kuelea, alionyesha kwamba tumbusi mgongo-mweupe husonga mbele takriban mita 15 kwa kila mita 1 anayoshuka. Tuseme kipungu wetu ana uwezo kama huo, na hewa inapanda mita 3 kwa sekunde, naye anashuka mita 1. Anabaki na faida ya mita 2. Kwa dakika 5 amepanda mita 600! Akinyoosha safari kuelekea Kinango, hewa ikiwa tulivu, mita hizo 600 zinampeleka kilomita 9, na huko anatafuta hewa nyingine ya kumpandisha. Hata misuli haimchoshi sana, kwani hapigi mbawa.

Sasa, ukiwa ufukweni Diani au Msambweni usitarajie onyesho hili. Mchana upepo wa bahari huingia nchi kavu na ubaridi wake, na hewa ya joto hukosa nguvu ya kupanda. Lakini upepo huohuo ukifika Shimba hugonga kilima na kulazimika kwenda juu! Ndege anayeutumia utamjua kwa mwendo: hazunguki, bali huambaa na ukingo, huku na huku. Na ukiona mbawa zinapigwa mara kwa mara, ujue hewa imemwangusha, au unamtazama tumbusi mla-mawese, ambaye hupiga mbawa zaidi ya wenzake.

Hukumu yangu: hakuna kitu angani Kwale kinachomfikia kipungu huyu. Panda Shimba siku ya jua, kati ya saa nne na saa tisa, utafute mawingu madogo yenye kitako bapa, kwa sababu chini yake ndipo hewa inapopanda. Beba darubini na maji!