Miezi 12 Kabla ya Nini?

Kule Kimulot, Konoin, mkulima akishapimiwa majani mabichi ya chai kituoni hutaka kuziona kilo zake zimeandikwa. Tuseme kuna programu ya simu ya kutunza hesabu hizo, ada yake shilingi 200 kwa mwezi, na mkataba wake wa leseni unatakiwa kwa Kiswahili. Mfasiri ninayemvulia kofia huanza na kifungu cha ukomo wa dhima, kwani ndipo pesa zilipo.

Kifungu chasema jumla ya dhima ya kampuni haitazidi kiasi alicholipa mtumiaji katika miezi 12 iliyotangulia tukio lililozaa dai. Mwenye haraka ataandika "miezi 12 kabla ya dai", na sentensi itasomeka vizuri tu. Sasa piga hesabu. Mkulima alianza kulipa Januari. Mwisho wa Juni kumbukumbu zake zikapotea. Akadai mwisho wa Desemba, bado akilipa. Kwa matini asilia ukomo ni shilingi 1,200. Kwa tafsiri ile ni 2,400. Neno "tukio" limedondoka, na dhima imekuwa maradufu. "Jumla" nayo mfasiri haiachi: ikitoka, ukomo waweza kusomwa kuwa ni wa kila dai peke yake.

Katika utoaji wa leseni anaogopa neno dogo zaidi. "Unaweza kusakinisha nakala moja" ni uwezo au ni ruhusa? Yeye huandika "unaruhusiwa". Wala haandiki leseni "isiyoweza kuhamishwa", maana kuhamisha kunawezekana sana, simu hadi simu. Huandika "usiyoruhusiwa kumhamishia mtu mwingine".

Kwenye dhamana ndipo hukaa muda mrefu. Neno lenyewe kwa Wakenya wengi linanukia korti na mshtakiwa kuachiliwa, kwa hiyo hulifafanua mwanzoni: ahadi kuhusu ubora wa programu. Kisha huja ugumu wenyewe. "Hatutoi dhamana" yaeleza tu kwamba kampuni haikuahidi kitu. Lakini zipo dhamana za kimya, kama ile ya kufaa kwa kusudi mahususi, ambazo huletwa na sheria hata muuzaji asipofungua mdomo. Hizo ndizo zinazolengwa, basi yeye hutaja za wazi na za kimya, kisha huandika "tunazikana". Kama Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inakibana kifungu hicho, hilo ni la wakili. Yeye huweka dokezo pembeni na matini haigusi.

Mwisho humpa tafsiri mwenzake ambaye hajauona mkataba wa Kiingereza, na kumwuliza swali moja: mkulima yule wa Januari anaweza kulipwa hadi shilingi ngapi? Jibu lisipokuwa 1,200, kifungu hurudi mezani.