Majibu Tisa Sahihi

Walimu wa Japani huuita uchunguzi wa somo jugyo kenkyu, na wameufanya kwa vizazi kadhaa. Ripoti zake hazina mbwembwe. Ninayoithamini kuliko zote ni ya kurasa sita. Tuliiandika sisi walimu watano wa hisabati, baada ya kuchunguza somo moja la Darasa la Nne.

Wiki tatu tulibishania swali moja tu: kati ya 2/3 na 3/4, ipi kubwa? Kwenye andalio tulichora safu ya majibu tuliyoyatarajia kwa watoto. Safu hiyo ndiyo moyo wa kazi, kwani inamlazimu mwalimu kukosea kama mtoto kabla mtoto hajakosea. Tukaandika kwamba wengine watasema zinalingana, maana kila moja imepungukiwa kipande kimoja.

Siku ya somo mwenzetu mmoja alifundisha. Sisi wanne tulisimama kandokando, kila mmoja na watoto watatu wa kufuatilia, tukiwa tumekatazwa kuwasaidia hata kwa kukunja uso. Kalamu ilinakili alichoandika mtoto, alichofuta, na dakika aliyofuta. “Wameelewa vizuri” si data. Hiyo ni salamu.

Watoto tisa kati ya kumi na wawili waliandika 3/4. Mwalimu alifurahi, nasi pia, mpaka jioni tulipoweka madaftari yetu mezani. Saba kati ya hao tisa walikuwa wameandika sababu ileile: tatu inazidi mbili, nne inazidi tatu. Watatu walisema zinalingana. Wawili tu ndio waliotazama kilichobaki, wakaona robo ni ndogo kuliko theluthi. Swali letu lilikuwa linamtunza aliyelinganisha kiasi na kiasi, asili na asili, kana kwamba sehemu ni namba mbili zilizopandana. Kosa hilo halikuwemo katika safu yetu. Tulilisahau kwa sababu halikuonekana kama kosa.

Marekebisho yalichukua mstari mmoja: anza na 2/3 na 3/5. Hapa mwenye kufuata ukubwa wa namba atachagua 3/5, na atakosa. Lakini anayehesabu vipande vilivyopungua atapata, kwa bahati, kwa hiyo lile swali la kwanza hatukulitupa. Tulilihamishia mwisho wa kipindi, limnase yeye.

Mwalimu mwingine alifundisha mkondo wa pili. Safari hii watoto watano kati ya kumi na wawili waliofuatiliwa waliandika 2/3, na ubao ukagawanyika. Katika daftari langu la siku hiyo, dakika ya kumi na tisa, msichana aliyechagua 3/5 anakunja utepe wake wa karatasi mara ya pili, anaulaza juu ya utepe wa jirani yake, halafu anafuta.