Dakika Zinapotelea Wapi? Kupima Michezo ya Timu Ndogo Shuleni Matungu

Chukua darasa la Gredi ya 6 lenye wanafunzi 56 katika shule ya msingi ya Matungu, Kaunti ya Kakamega. Kipindi cha michezo ni dakika 35 na mpira ni mmoja. Mwalimu akipanga timu mbili za wachezaji 11, watoto 22 wanaingia uwanjani na 34 wanakaa kwenye nyasi kungoja zamu, ambayo wengine hawataipata. Hata kama wale 22 wangekimbia bila kupumzika, ni asilimia 39 tu ya darasa ambayo ingekuwa ikichangamka mchezo unapoendelea. Ligawe darasa hilohilo wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo saba, na hakuna anayebaki pembeni.

Hesabu hiyo haihitaji utafiti wowote, na hapo ndipo miradi mingi ya walimu kuhusu jambo hili inapojikwaa. Mwalimu anauliza kama michezo ya timu ndogo huongeza muda ambao wanafunzi wanachangamka, anapima vipindi viwili vitatu, anapata jibu la ndiyo na kufunga daftari. Jibu hilo alikuwa nalo tangu mwanzo. Lenye thamani ni kujua ongezeko limetoka wapi: je, mtoto aliye mchezoni anakimbia zaidi kwa sababu timu ni ndogo, au kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyekaa pembeni? Na dakika ngapi kati ya zilizookolewa zinaliwa na kazi ya kupanga viwanja saba? Mradi ukiundwa vizuri hujibu yote mawili kwa gharama ndogo sana.

Huu ni utafiti tendaji, aina ambayo Kurt Lewin aliandika kuihusu mwaka 1946: mtu anaichunguza kazi yake mwenyewe, anabadilisha kitu, anaangalia kilichotokea, kisha anabadilisha tena. Hatafuti sheria ya kutumika duniani kote. Anataka kujua afanye nini na darasa lake muhula huu.

Kwanza kipimo. Katika utafiti wa kimataifa wa ISCOLE, uliofanyika katika nchi 12 huku Nairobi ikiwa mojawapo ya vituo, watoto walivaa kiunoni kifaa cha kielektroniki kinachorekodi mwendo. Shule ya Matungu haina kifaa hicho wala haikihitaji. Mwaka 1991 Thom McKenzie na wenzake huko Marekani walitoa njia iitwayo SOFIT, inayotumia macho, saa na karatasi. Mtazamaji anamwangalia mwanafunzi mmoja kwa sekunde 10, na sekunde hizo zinapoisha anaamua mwili wake uko katika hali gani, kisha anatumia sekunde 10 zinazofuata kuandika. Hali ni tano: 1 amelala chini, 2 amekaa, 3 amesimama, 4 anatembea, 5 anatumia nguvu zaidi kuliko kutembea. Namba 4 na 5 ndizo zinazohesabiwa kuwa kuchangamka.

Kila sekunde 20, basi, inazaa alama moja. Dakika nne ni alama 12, kisha mtazamaji anahamia kwa mwanafunzi wa pili, wa tatu na wa nne, halafu anarudi kwa wa kwanza. Dakika 32 zinatosha kwa mizunguko miwili, yaani alama 24 kwa kila mmoja wa wanafunzi wanne, jumla 96. Saa ya mkononi humchosha mtazamaji haraka. Ni rahisi zaidi kurekodi kwenye simu sauti inayosema "tazama" na "andika" kila baada ya sekunde 10, kisha kuisikiliza kwa kipokea sauti cha sikioni.

Anayefundisha hawezi kutazama. Kazi hiyo apewe mwalimu mwenzake asiye na kipindi saa hiyo, na kabla ya kuanza wawili wakae pamoja kipindi kimoja, wamtazame mtoto mmoja bila kuchunguliana karatasi. Wakilingana chini ya alama 8 kati ya 10, hawajakubaliana maana ya namba zao. Ugomvi huwa kati ya 3 na 4: mtoto anayejongea hatua mbili kisha kusimama ni wa namba gani? Waamue, waandike uamuzi wao, wajaribu tena. Kipindi hicho cha majaribio kisiingie kwenye matokeo.

Kwenye njia ya McKenzie ningeongeza herufi moja kando ya kila namba. G ni maandalizi: kutoka darasani, maelekezo, kupasha mwili, kupanga viwanja. P ni pembeni, akingoja zamu. M ni mchezoni. Mtoto anayekimbilia mpira ni 5M, aliyekaa kwenye nyasi ni 2P. Herufi hii haimwongezei mtazamaji kazi ya maana, lakini bila hiyo swali la ongezeko limetoka wapi halijibiki.

Sasa mpangilio. Kosa la kawaida ni kupima wiki mbili za mchezo mkubwa, halafu wiki mbili za michezo midogo. Kati ya wiki hizo mvua inaweza kuwa imeanza, na magharibi mwa Kenya mvua ya alasiri inaligeuza eneo la goli kuwa tope. Watoto pia huuzoea mchezo, na mwalimu huboreka. Tofauti utakayoiona itakuwa mchanganyiko wa hayo yote. Dawa yake ni kupanga vipindi kwa jozi na kupishanisha kinachotangulia. Kwa vipindi vinane, K ikiwa mchezo mkubwa na N michezo midogo, mpangilio ni K-N, N-K, K-N, N-K. Darasa likitoka uwanjani mara mbili kwa wiki, mradi unakwisha katika wiki nne, na inafaa vipindi vya jozi moja viwe saa zilezile za siku.

Wanafunzi wa kutazamwa wachaguliwe kwa kura, wanane wasichana na wanane wavulana, wanne kwa kila jozi. Mwalimu akichagua kwa jicho atachukua wale anaowaona, nao ni walewale wanaokimbia. Wanne wa jozi ya kwanza watazamwe kwenye K na kwenye N ya jozi hiyo, na kwa mfuatano uleule. Jambo la mfuatano lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana: anayetazamwa kwanza hukutwa akisikiliza maelekezo, wa nne hukutwa mchezo umepamba moto. Ukiwabadilishia nafasi, utalinganisha dakika za kipindi badala ya aina ya mchezo.

Kipindi cha K kiwe kile ambacho mwalimu hukitoa siku zote, bila kukidhoofisha ili N ing'ae. Kwa N, viwanja saba vya mita 20 kwa 15 vinaenea katika nusu ya uwanja wa kawaida. Alama za mipaka zinaweza kuwa chupa za plastiki zilizojazwa udongo. Goli liwe na upana wa hatua mbili bila golikipa, na mpira ukitoka urudishwe kwa mguu papo hapo. Inahitajika mipira saba na wa akiba, ile ya karatasi za plastiki na kamba ambayo watoto wenyewe wanajua kuifunga. Panga viwanja mbali na upande wa shamba la miwa, kwa sababu mpira ukizama humo watoto wanane wanasimama.

Nichukue mfano wa matokeo, namba zake zikiwa za kufundishia tu. Kila aina ya kipindi ina vipindi vinne, kwa hiyo alama 384. Kwenye K, tuseme alama 96 ni za G, 168 za P na 120 za M. Zenye namba 4 au 5 ni 30 kwenye G, 6 kwenye P na 84 kwenye M: jumla 120, sawa na asilimia 31. Kwenye N, tuseme G imepanda hadi 144, P imeshuka hadi 12 na M imefika 228. Za kuchangamka ni 36, sifuri na 160: jumla 196, sawa na asilimia 51.

Mwalimu anayeishia kwenye asilimia 31 na 51 atafurahi na kufunga daftari. Lakini tazama safu ya M pekee. Kwenye K ni 84 kati ya 120, kwenye N ni 160 kati ya 228, na zote mbili ni kama asilimia 70. Aliye mchezoni hakuchangamka zaidi kwa sababu timu ilikuwa ndogo. Faida yote imetokana na kuwaondoa watoto pembeni. Tazama na G: kutoka alama 96 hadi 144 ni kutoka dakika 8 hadi 12 katika kila kipindi cha dakika 32. Kupanga viwanja kumemeza dakika nne.

Mzunguko wa pili unajipanga wenyewe kutokana na hapo. Hakuna haja ya kujaribu watatu kwa watatu. Kinachohitajika ni kupunguza G: timu za kudumu muhula mzima, kila timu na kiwanja chake, chupa zipangwe na viongozi wa timu wakati wa mapumziko. Kisha pima tena kwa njia ileile. Lau safu ya M ndiyo ingekuwa imepanda, uamuzi ungekuwa mwingine kabisa.

Kuhusu bahati, usizitendee alama 384 kana kwamba ni watu 384. Ulio nao ni watoto 16. Mhesabu kila mmoja: je, alichangamka zaidi kwenye N kuliko kwenye K? Kama aina ya mchezo haibadilishi chochote, kila mtoto ni sawa na sarafu iliyorushwa. Kupata 12 au zaidi kati ya 16 kwa bahati tupu hutokea kama mara 4 katika 100. Kupata 10 au zaidi hutokea karibu mara 23 katika 100, kwa hiyo 10 si ushahidi wa kutegemea. Wasichana na wavulana wahesabiwe pia kando kando, ingawa wanane wanane ni wachache mno kutoa hukumu.

Mpaka wa mradi huu ni mwembamba. SOFIT inahesabu kutembea kuwa kuchangamka, na mtoto anayezurura kiwanjani bila kuugusa mpira atapata namba 4 sawa na anayemkaba mwenzake. Ndiyo maana namba 4 na 5 ziripotiwe kando kando pia. Wala alama hizi hazisemi kama mtoto amejifunza kupiga pasi. Zinasema mwili wake ulikuwa ukifanya nini, basi.

Kabla ya yote, mwalimu mkuu akubali, wazazi waarifiwe, na karatasi zibebe namba za wanafunzi badala ya majina. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za watoto zinalindwa humo. Ukitaka kuutumia mradi kwa shahada ya chuo kikuu, uliza mapema kuhusu leseni ya NACOSTI. Na siku ya kuandika ripoti, weka jedwali zima la G, P na M, si asilimia ya mwisho peke yake, ili mwalimu wa Koyonzo au Mayoni mwenye darasa la wanafunzi 40 na mipira mitatu aweze kuona ni sehemu gani inamhusu.