Kipi Kitangulie

Mama aliyenifundisha kazi ya steshenari pale Dodoma hakupenda kuchapa. Barua za likizo, risala za harusi, kadi za mchango, zote alinisukumia mimi. Ila mtu akiingia na flashi yenye wasifu wake, mama alivuta kiti mwenyewe, akashusha miwani hadi ncha ya pua, akafungua faili. Hakuongeza neno hata moja. Alichagua sehemu nzima kwa kipanya, akashikilia Alt na Shift kwa mkono wa kushoto, akawa anabonyeza mshale wa juu, tiki, tiki, tiki. Kila akibonyeza, fungu lile linapanda aya moja. Uzoefu wa kazi unapanda, elimu inashuka. Akimaliza anauma mdomo, anatazama, na mara nyingine anairudisha elimu palepale ilipokuwa. Dakika tano, shilingi elfu mbili, na karatasi inasomeka kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mwanzoni nilidhani anatafuta sababu ya kutoza. Ilinichukua kama mwaka kuelewa kwamba yule mama alikuwa fundi, na kwamba ufundi wake wote ulikuwa katika kujibu swali moja: kipi kitangulie.

Sivii nyingi zilizoingia dukani zilikuwa na mpangilio mmoja. Juu kabisa taarifa binafsi: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini. Ikafuata elimu, kuanzia darasa la kwanza. Halafu semina na warsha. Kazi aliyoifanya mtu kwa miaka kumi ilianza ukurasa wa pili, chini ya mistari mitatu ya programu za kompyuta anazozijua. Ni mpangilio wa maisha: mtu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa. Shuleni tulifundishwa kujieleza hivyo, na kwa hotuba ya kumuaga mstaafu unafaa sana. Lakini anayesoma wasifu hasomi historia. Ana rundo mezani, pembeni ana jedwali lenye majina ya waombaji na sifa zilizotakiwa, naye anatia alama ya vema au mkato. Ukurasa wa kwanza, na hasa nusu yake ya juu, ndio anaousoma akiwa bado na subira.

Mama alikuwa na kipimo chake. Alichapa ukurasa, akaulaza mezani, akafunika nusu ya chini kwa daftari la madeni. Kisha akamuuliza mwenye wasifu: "Mwanangu, hapo panapoonekana, wewe ni nani?" Wengi walisoma kimya, wakacheka. Palionekana kwamba mtu ni Mkristo, ana mke, na alisoma shule ya msingi fulani.

Sasa, elimu ikae wapi? Matangazo ya kazi yanatuponza. Karibu yote huanza na maneno "mwombaji awe na shahada ya", na uzoefu unafuata. Mtu akiyasoma hivyo naye anapanga hivyohivyo. Lakini tangazo linalotaka shahada na miaka mitano ya kazi, wote watakaofika mezani wana shahada. Shahada hapo ni tiketi ya kuingilia uwanjani. Ukishaingia, kila aliyekaa jukwaani anayo mfukoni, na hakuna anayeinyanyua ili aonekane. Kitakachokutenganisha na wenzako ni ile miaka mitano, kwa hiyo ndiyo inayopanda. Elimu inashuka chini yake, mistari miwili au mitatu, inayosomeka upesi na yule mwenye jedwali.

Aliyehitimu juzi hana haja ya kujibana. Elimu yake ikae juu, na chini yake palepale iandikwe mada ya utafiti wake wa mwisho na mahali alipofanyia fildi, alifanya nini, kwa wiki ngapi. Nimeona vijana waliosikia kwamba waajiri wanataka uzoefu, wakaanza ukurasa kwa miezi miwili ya kumshikia shangazi kibanda cha miamala ya simu, huku shahada ya takwimu imelala chini kama mgonjwa. Kazi ile si aibu, na iandikwe. Ila haitangulii.

Zamu inabadilika lini? Wengine husema mwaka mmoja, wengine miaka mitatu. Mama hakuhesabu miaka. Alimwambia mtu ataje mambo matatu aliyoyafanya kazini ambayo aliyetoka chuo leo asingeweza kuyafanya. Akiyataja bila kugugumia, uzoefu unapanda. Akibaki kusema "nilikuwa nasaidia saidia", elimu haisogei.

Kosa langu kubwa nililifanya baada ya kuikariri kanuni hii kupita kiasi. Alikuja dada mmoja, miaka miwili benki, na bila kumuuliza anaomba nini nikapandisha benki na kushusha chuo. Alikuwa anaomba kazi ya ukufunzi chuo kikuu. Huko ni dunia nyingine. Matangazo ya wakufunzi wasaidizi hutaja wastani wa alama za shahada ya kwanza, mara nyingi usiopungua 3.8 kati ya 5, na anayepokea maombi hutafuta namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Bahati yetu, alimpelekea kwanza mwalimu wake wa zamani amkagulie. Mwalimu akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akauliza: "Wastani wako uko wapi?" Yule dada alirudi dukani hajakasirika, jambo lililoniumiza zaidi. Katika kazi za taaluma elimu haishuki hata mtu akifika uprofesa: shahada, kisha tafiti na machapisho, kisha kufundisha. Benki ilikwenda chini kabisa, ikabaki mistari miwili.

Tangu siku hiyo nikawa nauliza kwanza tangazo liko wapi. Asiye na tangazo nilimwambia akalilete.

Kisa kilichonifanya niuheshimu ufundi huu ni cha mtunza stoo mmoja, mwaka 2024, wakati huo mama ameshaniachia kompyuta. Alikuwa na miaka 41. Kidato cha nne alimaliza 2001, akapata cheti cha ugavi, na tangu 2005 alikuwa stoo ya kampuni ya ujenzi: saruji, nondo, vipuri, dizeli. Akasoma jioni kwa miaka mingi hadi 2023 akapata shahada ya ununuzi na ugavi, akasajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Alikuja na wasifu mmoja wa kurasa tatu na matangazo mawili, akataka nakala mbili za wasifu uleule.

Tangazo la kwanza lilikuwa la utumishi wa umma, Afisa Ugavi Daraja la II. Wanaolijua daraja hilo wanajua kwamba ni la kuanzia: linataka shahada na usajili wa bodi, umri usizidi miaka 45, na uzoefu halikuutaja. Mwenye jedwali la kazi hiyo hana safu ya kutia miaka kumi na tisa ya stoo. Kwa hiyo juu, chini ya jina na simu, niliweka usajili wa bodi peke yake, nikautenga na elimu. Watu wengi huuzika usajili au leseni ndani ya orodha ya vyeti, na msomaji anaupita. Ikafuata elimu, ya karibuni kwanza: shahada 2023, cheti cha ugavi, kidato cha nne. Shule ya msingi niliitoa. Uzoefu ukaanza kwenye theluthi ya mwisho ya ukurasa wa kwanza, na ndani yake nikatanguliza aliyoyafanya upande wa ununuzi: kukusanya bei za wazabuni watatu, kuandaa oda, kukagua mzigo dhidi ya oda kabla ya kusaini hati ya kupokelea. Nikamkumbusha pia kwamba fomu ya mtandaoni ya Ajira Portal ina mpangilio wake usiomsikiliza mtu, hivyo ufundi wetu ungeonekana kwenye wasifu wa kuambatisha tu.

Tangazo la pili lilikuwa la msambazaji wa dawa aliyehitaji msimamizi wa ghala: elimu ya diploma au zaidi, uzoefu usiopungua miaka saba. Hapa shahada yake ilikuwa imeshavuka kizingiti, na kuitanguliza kungemfanya aonekane mhitimu mpya mwenye mvi. Nilibonyeza mshale, uzoefu ukapanda hadi karibu na jina. Lakini uzoefu wenyewe ulikuwa umeandikwa vibaya: "kutunza stoo na kazi nyingine nitakazopangiwa". Tukakaa. Nikamuuliza stoo ina aina ngapi za bidhaa, akasema mia nane na kitu. Bini kadi na leja zinalinganishwa kila baada ya muda gani? Kila mwezi. Wasaidizi? Wanne. Vinavyoisha muda? Akanieleza jinsi alivyopanga saruji ili iliyoingia mwanzo itoke mwanzo, kwa sababu saruji ikikaa sana inaganda mfukoni. Nikamwambia hiyo ndiyo sentensi ya kwanza, maana mwenye ghala la dawa usingizi wake unaharibiwa na tarehe za kuisha muda. Saruji na vidonge havifanani, ila kosa la kutoa cha nyuma kabla ya cha mbele ni lilelile.

Shahada haikupotea. Juu, kabla ya uzoefu, niliacha muhtasari wa mistari miwili: mtunza ghala wa miaka kumi na tisa, mwenye shahada ya ununuzi na ugavi na usajili wa bodi. Mistari hiyo inamtosha mwenye jedwali kutia vema kwenye safu ya elimu, halafu anaendelea kusoma kilichomleta. Sehemu ya elimu yenyewe ilikwenda mwishoni, juu ya majina ya wadhamini watatu.

Alizilaza karatasi mbili mezani, akazitazama kwa zamu. Hakuna neno la uongo katika yoyote. Muuza nyanya akipanga fungu huweka kubwa juu na zenye jeraha chini, na hapo mnunuzi ana haki ya kulalamika. Sisi nyanya zetu zote zilikuwa wazi, tulichagua tu ipi iguswe kwanza. Hata hivyo alikuwa na jambo moja.

"Kaka, hiyo miaka yangu ya kusoma jioni," alisema, akiweka kidole kwenye karatasi ya ghala, "imekaa chini sana."

Nilimwelewa. Alikuwa amelipa ada ile kwa mikopo na kwa usingizi. Nikamwambia kwa kazi hii ikae huko, na kama inamuuma sana, tuandike kwenye mstari wake kwamba shahada aliipata kwa kusoma jioni. Akafikiri, akakubali. Maneno manne yakaongezwa, "kwa masomo ya jioni", na mstari ukabaki mmoja.

Nilihifadhi mafaili mawili kwenye flashi yake, nikayaita elimu_juu.pdf na kazi_juu.pdf asije akayachanganya. Akalipa elfu nne, akaomba pini ya kubania karatasi.